Muhogo mchungu: jua hukausha, maji ndiyo hutoa sumu

*"Mtaalamu, shikamoo. Mwaka huu mvua ilitukimbia, na shambani kilichosimama ni mihogo michungu tu. Tulichimba, tukamenya, tukapasua vipande na kuanika juani siku nne mpaka ikakauka kabisa. Hatukuiloweka kwa sababu maji yenyewe ya shida. Tukasaga, tukapika. Jioni ile watoto wawili walilalamika kichwa na kizunguzungu, wakatapika. Asubuhi wakaamka wazima. Mama mkwe anasema jua huua sumu yote, kwa hiyo tatizo ni jingine. Jirani anasema tungeipika zaidi. Mimi nimebaki na gunia zima la unga na siwaelewi wote wawili. Sumu ya muhogo inakaa wapi, na inatokaje?"*

Marahaba. Kabla ya yote, lifunge hilo gunia na uliweke mbali na jiko mpaka umalize kusoma. Na hata kama watoto wameamka wazima, wapeleke wakaonwe, ukaeleze kwamba walikula unga wa muhogo mchungu ambao haukulowekwa. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kutapika saa chache baada ya mlo wa namna hiyo ni dalili zinazolingana sana na sumu ya sianidi. Zinaweza kuwa za jambo jingine pia, ndiyo maana nataka mtu awatazame kwa macho.

Mama mkwe na jirani hawajakosea kwa asilimia mia. Muhogo uliosindikwa vizuri hupitia jua na hupitia moto, na aliyekua akiona hivyo ana haki ya kuamini kwamba kazi ilifanywa na vitu hivyo viwili. Kumbe kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanyika kabla, ndani ya chombo cha kulowekea, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa anaangalia.

Muhogo uliotulia ardhini, mzima, haujajeruhiwa, karibu hauna sianidi iliyo huru. Una kitu kinachoitwa linamarini. Hiyo ni sukari ya glukosi iliyoshikamana na kipande kingine chenye sianidi ndani yake, na imefungwa kwenye kifuko kidogo katikati ya kila seli ya mmea. Kuna ndugu yake aitwaye lotaustralini, lakini ni mchache na tabia zao ni moja, kwa hiyo tumwache. Nje ya kifuko, kwenye ukuta wa seli, kunakaa kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Kazi yake ni moja tu: kuikata linamarini. Seli ikiwa nzima, viwili hivi havikutani. Ni kama njiti za kiberiti zilizowekwa chumba kimoja na kasha lake chumba kingine.

Panya akiuma, jembe likikata, kisu kikipasua, kuta zinabomoka na vitu hivyo vinakutana. Linamarasi inaitoa ile glukosi, na kinachobaki huitwa asetoni sianohidrini. Hiki hakina utulivu. Kwenye joto la kawaida la mchana na mahali pasipo na uchachu mkali, kinavunjika chenyewe na kuwa asetoni na hidrojeni sianidi, ambayo wakemia huiandika HCN. Na hapa ndipo bahati yetu ilipo: HCN huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi za Selsiasi. Ikishakuwa huru kwenye sehemu yenye joto na hewa inayopita, haikai. Inapaa. Mmea haukubuni mtambo huu kwa ajili yetu, bali kwa ajili ya mnyama anayetafuna.

Kwa hiyo kuondoa sumu ya muhogo ni kuuacha ujitie sumu wenyewe, kikamilifu, nje ya tumbo lako, halafu uiache sumu hiyo iondoke. Ili hilo litokee unahitaji mambo matatu kwa mfululizo: kuta za seli zivunjike, kimeng'enya kiwe na maji ya kufanyia kazi, na muda upite. Ukikiua kimeng'enya mapema au ukikinyima maji, linamarini inabaki salama salimini ndani ya chakula, nawe unaila.

Ukiila, mwili hauna linamarasi, ila bakteria wa utumbo wana vimeng'enya vinavyofanya kazi inayofanana. Sehemu ya linamarini hutoka kwenye mkojo ikiwa nzima, na sehemu huvunjwa tumboni polepole na kutoa sianidi. Ndiyo sababu mtu hula mchana akaugua jioni, na ndiyo sababu wengi hawalaumu muhogo, wanalaumu mboga. Sianidi ikiingia kwenye damu inaziba hatua ya mwisho ambayo seli hutumia kuvuta oksijeni. Damu inaweza kuwa imejaa oksijeni, na seli isiweze kuitumia. Ubongo na moyo, ambavyo havina subira, ndivyo vinavyolalamika kwanza.

Sasa jirani na moto wake. Nina onyesho dogo ambalo huwafanyia wanafunzi. Nachukua muhogo mmoja mchungu na vichupa viwili vyenye vizibo. Katika cha kwanza naweka kipande kibichi nilichokiponda na matone ya maji, katika cha pili naweka kipande kinene kilichotumbukizwa kizima kwenye maji yanayotokota kwa muda wa kutosha kisha kikapondwa. Ndani ya kila kichupa nasimamisha ukanda wa karatasi ya pikrati, ambayo ni ya manjano na hugeuka rangi ikikutana na HCN. Tunafunga, tunakwenda kulala. Asubuhi karatasi ya kwanza imekuwa ya kahawia kama chai ya rangi, ya pili bado ni ya manjano. Kila mwaka yuko anayesema, "Basi moto umeitoa." Hapo ndipo ninapotia kwenye kichupa cha pili linamarasi iliyoandaliwa, naweka karatasi mpya na kufunga tena. Kesho yake nayo ni ya kahawia. Sumu haikutoka. Moto ulikuwa umekiua kimeng'enya, na pasipo mkataji linamarini ilibaki kimya ndani ya kipande.

Linamarasi huharibika kabisa joto likipita nyuzi 70 na ushee. Linamarini yenyewe huvumilia maji yanayochemka bila shida. Faida pekee ya kuchemsha ni kwamba linamarini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu yake huchujika ikaenda kwenye maji ya sufuria. Kinachochujika kinategemea ukubwa wa vipande na wingi wa maji. Vipande vidogo sana kwenye maji mengi vinaweza kupoteza hata robo tatu. Vipande vinene vya kawaida ya jikoni vinaweza kupoteza robo tu. Kukaanga na kuchoma kunaondoa kidogo mno, kwa sababu hakuna maji ya kuipeleka kokote.

Hii ndiyo sababu muhogo mtamu unachemshwa na kuliwa, na mchungu hapana. Muhogo mtamu huwa na kiasi kidogo tangu mwanzo, kwa kawaida chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo moja ya muhogo mbichi, na mchemsho unakipunguza zaidi. Hata huo, umenye vizuri, maana ganda lina sumu mara kadhaa kuliko nyama. Kata vipande vidogo, anza na maji baridi mengi ili kimeng'enya kipate dakika chache za kufanya kazi kabla ya kufa, acha sufuria wazi, na ukimaliza mwaga maji yale. Usiyafanye supu.

Nirudi kwa mama mkwe. Jua halikiui kimeng'enya. Muhogo uliopo juani haufiki nyuzi 70. Jua linafanya kitu kingine: linakinyima maji. Kipande kikiwa bado kibichi, seli zinasinyaa, baadhi ya kuta zinapasuka, na kimeng'enya kinakutana na linamarini katika unyevu uliobaki. Lakini seli nyingi hukauka zikiwa hazijavunjika. Unyevu ukishuka sana, kazi inasimama ilipofikia. Muhogo mchungu uliomenywa na kuanikwa moja kwa moja hubakiwa na robo hadi theluthi ya sumu yake. Na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba jua kali na vipande vyembamba humaliza kazi vibaya zaidi kuliko kukauka polepole, kwa kuwa kimeng'enya hukosa maji mapema zaidi. Ule weupe wa kupendeza wa muhogo uliokauka haraka hausemi lolote kuhusu sumu.

Ila shika tofauti hii kati ya hao wawili, maana nitairudia: jua hukilaza kimeng'enya, moto hukiua. Kilicholala kinaweza kuamshwa.

Hebu tupige hesabu ya gunia lako kwa makadirio. Tuseme muhogo wako mbichi ulikuwa na miligramu 300 za sianidi kwa kilo. Kwa muhogo mchungu hilo si jambo la ajabu, na mwaka wa ukame mmea uliokosa maji huongeza linamarini, hivyo aina ileile uliyoizoea inaweza kukugeuka. Ukianika moja kwa moja, tuseme imebaki asilimia 30, yaani miligramu 90. Kilo moja ya muhogo mbichi ikikauka hutoa unga wa gramu 350 hivi. Zile miligramu 90 sasa ziko kwenye gramu 350, sawa na takriban miligramu 257 kwa kilo ya unga. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo wa kuliwa, kilichowekwa na FAO na WHO, ni miligramu 10 kwa kilo. Umekizidi mara 25.

Mtoto wa kilo 15 akila chakula kilichotokana na gramu 100 za unga huo, amemeza kama miligramu 26, yaani 1.7 kwa kila kilo ya uzito wake. Kiasi cha sianidi kinachoweza kuua mtu hutajwa kuwa kati ya miligramu 0.5 na 3.5 kwa kilo ya mwili. Sikutishi kwa kutisha tu. Kilichowaokoa watoto wako, kama hesabu hii iko karibu na ukweli, ni kwamba sehemu ya linamarini hupita bila kuvunjwa na iliyobaki huvunjwa polepole, mwili ukapata nafasi ya kujitetea. Lakini mara nyingine mlo ni mkubwa zaidi au tumbo la mtoto lina bakteria wepesi zaidi, na matokeo yakawa mengine.

Sasa chukua muhogo uleule, uloweke. Menya, oshe, kata vipande vya urefu wa kiganja, uzamishe wote kwenye maji mpaka pasiwepo kipande kinachochungulia juu. Funika. Siku ya kwanza hutaona kitu. Siku ya pili maji yanaanza kuwa na ukungu na viputo, na harufu ya uchachu inapanda. Wengi hudhani harufu ile ndiyo sumu inayotoka. Sivyo. Ni bakteria wanaokula wanga na sukari na kutoa asidi, na hao ndio vibarua wako. Maji peke yake hayabomoi seli haraka. Bakteria hao hulegeza gundi inayoshikanisha kuta za seli, muhogo unakuwa laini, kuta zinaachia, na linamarasi inaifikia linamarini kila mahali badala ya pale kisu kilipopita tu. Kwa hiyo kulainika ndiko ishara unayoitafuta. Siku ya tatu toa kipande kinene kuliko vyote, kibonyeze katikati kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Kikimomonyoka mpaka kwenye uzi wa katikati, na uzi ukichomoka wenyewe, kiko tayari. Kikiwa laini nje na kigumu ndani kama karoti, kirudishe. Penye joto, siku 3 hutosha mara nyingi. Penye baridi inaweza kuwa siku 5 au zaidi. Hesabu kidole, usihesabu siku.

Usibadilishe maji kila siku kwa nia ya usafi, maana unawafukuza vibarua. Ukiwa na maji yaliyobaki ya mzigo uliopita, kikombe kimoja kikitiwa kwenye mzigo mpya huharakisha. Na maji ya mwisho usiyamwage mahali mifugo inapokunywa wala kwenye bwawa la samaki, kwa sababu sehemu ya kilichotoka kwenye muhogo imo humo.

Kuna kikwazo kimoja cha kikemia hapa. Asidi ile ile inayosaidia kubomoa inaipa asetoni sianohidrini utulivu, isivunjike upesi. Kwa hiyo muhogo uliolowekwa vizuri unaweza kuwa hauna linamarini nyingi na bado ukawa na hicho cha katikati. Ndiyo maana baada ya kuloweka hatuishii hapo. Tunauosha, tunauponda au kuubomoa kwa mikono, tunakamua maji kadiri inavyowezekana, kisha tunaanika kwa tabaka jembamba. Sasa jua linapata kazi yake halali. Maji na HCN vinaondoka pamoja. Katika hesabu yetu, kuloweka vizuri huondoa zaidi ya asilimia 90. Tukisema 95, miligramu 300 zinabaki 15, yaani kama 43 kwa kilo ya unga hata kabla hatujahesabu zile zinazotoka wakati wa kukamua na kuanika. Si sifuri. Lakini huo na wa 257 ni unga wa aina mbili tofauti.

Umesema maji ni ya shida, na sitaki kukupa ushauri wa mtu mwenye bomba uani. Njia isiyotaka maji mengi ipo, nayo ni kubomoa seli kwa nguvu badala ya kusubiri bakteria. Paruza muhogo mbichi kwa kiparuzi au utwange kinuni mpaka uwe rojo, bila vipande. Maji yaliyomo ndani ya muhogo wenyewe, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wake, yanatosha kukifanyisha kimeng'enya kazi. Lirundike rojo hilo, lifunike, liache saa kadhaa au usiku mzima, likamue, kisha litandaze jembamba juani. Muhogo uliopondwa kwanza ndipo ukaanikwa hupoteza sehemu kubwa mno ya sumu, kuliko uliopasuliwa tu na kuanikwa, ingawa jua ni lilelile. Tofauti yote iko kwenye idadi ya seli zilizovunjwa. Fanyia kazi hii nje, penye hewa, wala usimweke mtoto mchanga pembeni ya rundo.

Swali lililofichika ndani ya barua yako ni hili: je, kuonja hakutoshi? Linamarini ni chungu, kwa hiyo muhogo ukiwa mchungu uamini ulimi wako na uusindike. Kinyume chake hakifanyi kazi vizuri hivyo. Uchungu na sumu havipandi na kushuka pamoja sawasawa, na muhogo usio mchungu sana si lazima uwe salama, hasa baada ya kiangazi kirefu. Harufu nayo usiitegemee. HCN husemwa kuwa na harufu ya lozi chungu, na kuna watu wengi ambao pua zao haziisikii kabisa.

Nimeacha kwa makusudi njia ya kuongezea usalama kwenye unga uliokwisha kusagwa, kwa sababu inaeleweka tu ukishajua kwamba kimeng'enya kilicholala kinaweza kuamshwa. Iliandaliwa na Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na ni rahisi kuliko jina lolote linaloweza kupewa. Weka unga mkavu kwenye bakuli, uusawazishe, utie alama pembeni mwa bakuli pale unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Kwanza unga utashuka, utajikusanya. Endelea kuongeza maji mpaka mchanganyiko uliolowa upande tena hadi kwenye alama. Hapo maji yametosha. Utandaze kwenye mkeka au sinia kwa unene usiozidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya kinaamka, kinakata linamarini iliyosalia, na HCN inatoka kwa sababu tabaka ni jembamba. Ukiacha kwenye bonge nene, itazunguka humo humo. Unga huo upikwe siku hiyo hiyo, haukai.

Njia hii hupunguza sianidi kati ya mara 3 na mara 6. Irudishe kwenye hesabu. Unga wetu uliolowekwa, wa 43, unashuka hadi kati ya 7 na 14, yaani karibu na kile kiwango cha 10. Gunia lako la 257 linashuka hadi kati ya 43 na 86. Bado liko juu mara kadhaa. Na kama kuna mtu aliyechemsha muhogo kwanza kabla ya kuanika, kulowesha unga wake hakutasaidia, kwa sababu kimeng'enya chake hakikulala, kilikufa.

Najua utajiuliza kama kula kidogo kidogo kutapunguza hatari. Mwili unayo njia ya kujisafisha. Kimeng'enya kiitwacho rodanesi huchukua sianidi, huiunganisha na salfa, na kutoa thiosianati inayokwenda na mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye protini tunazokula, hasa nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu anayekula sumu kidogo kila siku na protini haba kwa wiki nyingi anamaliza akiba. Mwisho wake unaweza kuwa konzo, ugonjwa ambao miguu yote miwili hukakamaa ghafla, mara nyingine ndani ya siku moja, na ulemavu hauponi. Mwaka 1981, wakati wa ukame, mkoa wa Nampula huko Msumbiji ulipata wagonjwa zaidi ya 1,000, wengi wao watoto na wanawake waliokuwa wakila muhogo mchungu uliosindikwa kwa haraka. Ile haraka ndiyo ninayoiona kwenye barua yako: ukame unaongeza sumu kwenye muhogo, unaondoa vyakula vingine vyote mezani, na unamfanya mtu afupishe siku za kuloweka. Mambo matatu, kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo, mtu yeyote nyumbani akianza kujikwaa, kutembea kwa ncha za vidole au kuhisi miguu mizito na migumu, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo na muhogo usimame. Na baada ya mlo wa muhogo, ukiona mtu anatapika, kichwa kinamuuma, anapumua haraka, moyo unamwenda mbio, anachanganyikiwa, anaishiwa nguvu au anapata degedege, usisubiri asubuhi. Usimlazimishe kutapika, wala usipoteze muda na maziwa au maji ya sukari. Hospitali zenye dawa hutumia haidroksokobalamini au sodiamu thiosalfeti, na hata pasipo hizo, oksijeni na uangalizi huokoa. Beba kipande cha chakula kilicholiwa kwenye mfuko, na useme neno "muhogo" mlangoni, maana dalili hizi zinafanana na za magonjwa mengi na mhudumu anaweza kuanza kutafuta malaria.

Basi gunia. Kama kuna ofisi ya kilimo au maabara ya chakula unayoweza kuifikia, omba wapime kwa karatasi ya pikrati yenye kimeng'enya ndani yake. Sisitiza hilo la kimeng'enya, ili kusitokee kile kilichowapata wanafunzi wangu asubuhi ya kwanza. Wakikuta uko kati ya 30 na 40 au chini, kulowesha kwa namna niliyoeleza kunaweza kuuokoa. Ukiwa juu zaidi, au ukishindwa kupima kabisa, mimi nisingeulisha mtu, na nisingempa nguruwe wala kuku pia, kwa kuwa nao wana seli zinazotaka oksijeni. Unaweza kuuosha kwa maji mengi mara kadhaa, kuuacha utuame na kumwaga ya juu, ukapata wanga wa gundi. Ila kwa shida ya maji uliyoniambia, hayo maji heri uyatumie kulowekea mihogo iliyobaki shambani. Na mingine ambayo haitaingia kwenye chombo, iparuze.